Ile filimbi ipo wapi?

Barua ya makabidhiano nimeiandika mara tatu wiki hii, na mara zote nimekwama ukurasa wa tatu. Wa kwanza ni vifaa: mipira sita, minne ndiyo inashika upepo, koni kumi na nne, vizibao vya rangi mbili, kamba. Wa pili ni ratiba. Wa tatu ni wa yule kijana wangu wa darasa la sita mwenye ualbino, ambaye ninyi mnaonisoma mnamjua kwa jina la Winga.

Jumatatu mwalimu anayenipokea alikuja kuona stoo. Kijana mchangamfu, mwenye bidii. Nikaanza kumsomea ukurasa wa tatu. Hata nusu sijafika akasema, kwa upole kabisa, "Sasa kaka, huyu si tumpe filimbi akae pale mwembeni ahesabu magoli?"

Winga alikuwa mlangoni na wavu wa mipira begani. Akauweka chini, akaniuliza, "Mwalimu, ile filimbi ipo wapi?"

Ile. Hakusema filimbi, alisema *ile* filimbi. Maana alipokuwa darasa la tatu nilimpa filimbi akae mwembeni, muhula mzima, nikiamini ninamlinda. Miaka mitatu ya kucheza, na sentensi moja ya mgeni ikatosha kumrudisha mwembeni. Nami nikamjibu, "Ipo kabatini." Ndicho nilichomwambia mtoto. Wiki hii uhamisho wangu wa Ukerewe umepita na tumemzika bibi wa mama watoto kule Magu, lakini usiku ninachokisikia ni hilo "Ipo kabatini".

Kwa hiyo barua nimeianza upya kwa kosa langu. Winga akiwa la nne niliwatoa wote saa tano, baada ya mapumziko, siku ya mawingu mazito. Nilimtazama kila baada ya dakika chache, sikuona wekundu wowote, nikajua yuko salama. Kesho yake mama yake alimleta, shingo na masikio vimetoka malengelenge. Jua likishamchoma, ngozi huja kuonyesha saa kadhaa baadaye, na hali huzidi hadi siku inayofuata. Mwalimu anayesubiri wekundu ndipo amwite mtoto kivulini amekwisha kuchelewa. Na mawingu yanapunguza joto kuliko yanavyopunguza mionzi inayounguza; ya kutosha kumchoma bado inapita.

Kinachomwongoza mwalimu ni kivuli. Simamisha kijiti mahali tambarare. Kivuli kikiwa kirefu kuliko kijiti, mtoto anaweza kutoka akiwa amevaa inavyotakiwa. Kikiwa kifupi, atacheza kivulini au ndani. Saa ya ukutani inatudanganya sana huku kwetu. Saa za nchi nzima zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, na Mwanza tuko karibu nyuzi 33, kwa hiyo jua halitufiki utosini saa sita. Linafika karibu saa saba kasoro robo. Ndiyo maana saa tisa na nusu alasiri, wakati kila mtu anasema jua limepoa, kivuli bado ni kifupi. Mazoezi ya jioni nimeyasogeza hadi saa kumi na robo, na kipindi cha Jumanne na Alhamisi kimekuwa cha kwanza, saa mbili asubuhi. Nilikipata kwa kubadilishana na mwalimu wa hisabati, na mitihani ikikaribia atakidai. Nimemwandikia mrithi wangu asikiachie bila kupata kingine cha kabla ya saa nne kasoro.

Halafu macho. Hili ndilo watu hawalijui, wanadhani miwani inamaliza kazi. Inasaidia, ila haimpi uwezo wa kuona wa kawaida, kwa sababu sehemu ya ndani ya jicho inayoona vitu vidogo vidogo haikukomaa vizuri. Macho yanachezacheza, mwanga mkali unayaumiza, na mpira unaotoka juu hajui uko mbali kiasi gani mpaka umeshamfikia. Siku moja nilimsimamisha nikawa nausukuma mpira kuelekea kwake. Ule wa zamani uliochakaa, rangi moja na vumbi la uwanja wetu, aliuona ukiwa hatua sita. Niliopaka rangi ya njano aliuona hatua kumi na nne. Mtoto yule yule, asubuhi ile ile! Rangi ni ya mafuta, ya kupakia baiskeli, na hupasuka, kwa hiyo irudiwe kila muhula. Tepu ya fundi umeme nilijaribu, ikabanduka wiki ya kwanza. Na siku ya mpira wa njano timu zisivae vizibao vya njano, maana hapo mpira unapotelea vifuani mwa wenzake.

Wenzake wanajua sheria yetu: jina kwanza, mpira baadaye, na pasi iwe ya chini. Asubuhi timu yake ianze ikishambulia upande wa ziwa, jua liwe mgongoni. Jioni kinyume chake.

Losheni ya jua apakwe dakika ishirini hivi kabla ya kutoka, masikio na nyuma ya magoti visisahaulike, na akiendelea kukaa nje apakwe tena kila baada ya muda wa saa mbili. Tunatumia Kilisun, inayotengenezwa kule KCMC Moshi. Isiwekwe stoo! Chini ya lile bati inaharibika. Ukiona maji yamejitenga na mafuta, tupa. Ikae ofisini. Na isichukue nafasi ya kofia pana na mikono mirefu; kapelo inaacha masikio wazi. Kidonda kisichopona wiki nne kisisubiri likizo, aende hospitali.

Mstari wa mwisho nimeupigia mstari chini: asibaki nyuma peke yake kukusanya mipira kule kwenye mawe. Sababu yake hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa asiyeijua.

Jumatano usiku simu ikaita. Mrithi wangu. "Shikamoo kaka. Kile kijiti, nimekipima pale kwenye mteremko wa golini, kivuli kimekuwa kirefu mapema. Ni sawa?"

Nilikaa kitako kitandani. Alikuwa amepima! Nikamweleza kwamba mteremko unarefusha kivuli, apime kwenye sakafu ya mlingoti wa bendera. Akaniuliza mengine saba, hadi duka ninaponunua rangi.

Jana asubuhi nilisimama pembeni. Kabla ya kugawa timu alimwita Winga, akachuchumaa, akamuuliza, "Wewe unapenda kucheza wapi?" Winga akanitazama kwanza. Kisha akasema, "Winga ya kulia, mwalimu, ila waniite jina kwanza."

Jioni nikarudi kwenye ukurasa wa vifaa, nikaongeza: filimbi mbili, zote za mwalimu. Winga mwenyewe nilimfuata kwao, nikamwambia lile jibu la Jumatatu lilikuwa baya. Akasema, "Sawa mwalimu," akaendelea kumenya mihogo.

Meli ni Jumamosi. Mizigo imefungwa, ila kuku wetu mwekundu ameatamia mayai kumi na moja na leo ndiyo siku ya kumi na nne. Jirani anasema nimbebe usiku na kiota chake chote ndani ya tenga lililofunikwa. Mama watoto anasema akishafika Nansio hatakalia tena. Siku saba tu zimebaki, na sijui nimsikilize nani.