Kabla ya kununua betri mpya ya hedifoni, nilipima chaji inayoingia

Hedifoni zangu zisizo na waya, za aina inayofunika sikio zima, zilipokuwa mpya zilicheza kwa saa 20 hivi, lakini baada ya miaka kadhaa ya kutumiwa kila siku zikawa zinazima kabla saa moja haijaisha. Nilipozichomeka kwa waya zilitoa sauti safi, na sponji zake zilikuwa nzima, kwa hiyo niliona ni hasara kuzitupa. Hata hivyo, sikutaka kununua betri bila kuthibitisha kwamba kasoro iko kwenye betri, maana bodi mbovu ya saketi iliyo ndani ya hedifoni ingeinyonya betri mpya vilevile.

Jibu nililipata kwa kipimo kidogo cha USB, kile kinachochomekwa kati ya chaja na waya wake na kuonyesha kwa mAh chaji iliyopita. Nilizicheza mpaka zikazima zenyewe, kisha nikazichaji zikiwa zimezimwa hadi taa ikaonyesha kwamba zimejaa. Kijitabu chake kinasema betri ni ya 500 mAh, lakini zilizoingia hazikufika 40. Betri ya 500 inayodumu saa 20 hutumia wastani wa 25 kwa saa, hivyo kiasi kilichoingia kililingana na muda ule mfupi: bodi ilikuwa ikitumia umeme kama kawaida, na betri ndiyo iliyokuwa imepoteza uwezo wa kuhifadhi chaji. Kama zingeingia 400 kisha zikaisha ndani ya saa moja, nisingenunua betri kamwe.

Nilivua sponji, nikafungua skrubu, nikakuta betri bapa ya lithiamu yenye namba 503040, yaani unene wa milimita 5, upana 30 na urefu 40. Niliitafuta kwa namba hiyo, pamoja na volti 3.7 na waya tatu, kwa sababu waya wa tatu huiwezesha bodi kujua joto la betri, na baadhi ya bodi hukataa kuchaji ukikosekana. Muuzaji mmoja alinionyesha ya umbo hilohilo iliyoandikwa 1,500 mAh. Niliikataa, kwani betri ya ukubwa huo haiwezi kubeba kiasi hicho.

Kazi ya kuunganisha nilimwachia fundi, ambaye alikata waya mmoja baada ya mwingine na kuufunga kila mmoja kwa utepe, ili nyaya za betri zisigusane. Betri na ufundi kwa pamoja havikufika robo ya bei ya hedifoni mpya za ubora ule, na sasa zinacheza siku nzima ya kazi. Kwa zile ndogo zinazoingia ndani ya sikio nisingefanya hivyo, kwa sababu nyingi zimegundishwa kwa gundi na huvunjika zinapofunguliwa.