Blenda zangu hazisikii redio

Siku ya nne leo na sauti ya yule mwalimu mstaafu bado iko kichwani. Katikati kipaimara cha mtoto wa dada kimepita, msiba wa Marangu umepita, na mimi nageuza sentensi moja tu.

Aliingia dukani Jumatatu asubuhi. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, habari za sikukuu. Akashika blenda, akauliza bei. Elfu themanini na tano. Akairudisha rafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mwezi wa sita nilinunua chupa ya chai hapa. Ilikuwa imepanda, ukaniambia, mwalimu, dola imepanda. Sasa dola imeshuka, nchi nzima tumesikia. Au vitu vyako vinasikia redio ikitangaza kupanda tu?"

Nikacheka. Nikasema, "Mwalimu, mzigo huu niliununua dola ikiwa juu." Akanitazama. "Na zile chupa za chai ulizinunua lini?"

Sikujibu, kwa sababu zile chupa zilikuwa stoo tangu Februari.

Mnaofuatilia hapa mnakumbuka nilivyohangaika na huu mzigo. Blenda mia moja, dola 20 kila moja kiwandani. Mwanzoni mwa Oktoba nilituma asilimia 30 ya kuanzia, dola 600, nikiuziwa dola kwa shilingi 2,720. Katikati ya Novemba kiwanda kikataka dola 1,400 zilizobaki kabla ya kupakia, na nilizipata kwa 2,660. Wakala wa Dar anachaji usafiri na kutoa mzigo kwa pamoja, dola 600, na hizo nililipa wiki ya mwisho ya Desemba kwa 2,420. Kwa hiyo sikuwa na bei moja ya dola, nilikuwa nazo tatu, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka dola ikiwa ghali. Ukiongeza laki moja na tisini na mbili elfu za lori mpaka Moshi, inakuja milioni saba kamili. Elfu sabini kwa blenda. (Na ulifika Krismasi imeshapita, wenyeji wameshapanda mabasi kurudi Dar na hela zao. Hilo nisilianze tena.)

Usiku ule nilimwambia Baba Neema kwamba nimeonewa. Gharama ni elfu sabini, naongeza kumi na tano, kosa langu liko wapi? Yeye akaendelea kula ndizi. Baadaye akauliza, "Ukiagiza nyingine leo, itakufikia kwa ngapi?"

Nikachukua daftari kwa hasira, nikapiga dola zote 2,600 kwa 2,420, nikarudisha lori. Elfu sitini na nne mia nane na arobaini.

Hapo ndipo hasira ilipogeuka kitu kingine. Mwezi wa sita nilipandisha chupa za chai kwa hesabu hiihii: sikuangalia nilizinunua kwa ngapi, niliangalia nitazirudisha kwa ngapi, maana ningeuza kwa bei ya zamani hela isingetosha kujaza rafu. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Ila mtu akipandisha kwa bei ya mzigo ujao, hawezi kukataa kushusha kwa bei ya mzigo uliopita. Mimi nilitaka kula pande zote mbili.

Nimebandika elfu themanini. Kwenye daftari faida ni elfu kumi, nimepoteza tano, na inauma. Lakini dola ikibaki hapa, ile themanini inanunua blenda nyingine na kumi na tano inabaki mkononi, kama nilivyopanga toka mwanzo.

Ikibaki, lakini. Dola ilishuka wakati wa korosho na watalii, dola zikiingia kwa wingi. Masika yakija, magari ya watalii yakipungua hapa mjini, sitegemei itulie. Ndiyo maana sijashuka mpaka sabini na nane kama jirani, ambaye nadhani anauza mzigo wa Kariakoo na hana dola ya kununua mwezi wa tatu. Mzigo ujao nitaomba kiwanda kipokee yote ndani ya wiki moja, au ninunue dola za salio siku ileile ninayotuma za kuanzia. Hata bei ikigeuka, nitajua toka siku ya kwanza blenda imenigharimu ngapi.

Mwalimu hajarudi. Nimemwekea moja chini ya meza, yenye jagi la kioo, na kila anayesukuma mlango nainua kichwa.

Mama kapiga simu sasa hivi kutoka Kibosho, ng'ombe hajagusa majani tangu jana jioni na daktari wa mifugo hapokei.