Mlango wa nakshi uliokuwa ukitetemeka

"Shangazi, mlango watetemeka." Maneno hayo ya mtoto wa kaka yangu ndiyo yaliyonikesha wiki nzima. Nilikuwa nimempa laptopu ajaribu gemu yangu ya kijana anayesukuma mkokoteni wa maji Mji wa Kale, Mombasa. Nimeitengeneza kwa Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, picha zote za pikseli, na kitu nilichokichora kwa mapenzi zaidi ni mlango wa nakshi wa Ndia Kuu. Upana wake ni pikseli 32, na mistari ya nakshi ni pikseli moja moja, kila mstari na nafasi ya pikseli moja baada yake. Mkokoteni ukisimama, mlango umetulia. Ukianza kwenda, nakshi zametameta kama zina uhai.

Awali tatizo lilikuwa jingine, ukungu, na hilo liliisha upesi. Godot huanza na kichujio cha `Linear`, ambacho picha ikikuzwa huchanganya rangi za pikseli jirani. Kwa picha ya kamera ni sawa, lakini kwa mchoro wa pikseli ni kama kuupaka mafuta. Nikaingia Project Settings, `Rendering > Textures`, nikabadilisha `Default Texture Filter` iwe `Nearest`. Picha zote zikakaza isipokuwa pipa moja la maji, kwa sababu siku za nyuma nilikuwa nimeliwekea kichujio chake lenyewe. Kama una picha moja iliyobaki na ukungu, angalia hapo kwanza.

Ukungu ulipoondoka ndipo mtetemeko ulipojitokeza wazi. Nikauliza wenzangu, na ushauri nilioupata bado unaniudhi. Mmoja aliniambia ninunue kompyuta yenye kadi ya picha. Mwingine alisema nikuze michoro yote mara nne, halafu nipandishe gemu kutoka 320 kwa 180 hadi 1280 kwa 720. Huyu nilimsikiliza. Usiku mbili mfululizo nikakuza picha moja moja, kila moja sasa ina nukta mara 16 ya zamani, nikapanga upya mitaa yote. Nikafungua gemu, nikasukuma mkokoteni, na mlango ukatetemeka vilevile. Tena mkokoteni sasa uliweza kusimama katikati ya pikseli, jambo ambalo mchoro wa aina hii hautakiwi kulifanya. Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Kilichonifungua macho ni skrinishoti. Niliipiga mlango ukiwa katikati ya skrini, nikaifungua kwenye programu ya kuchorea, nikaikuza sana, nikaanza kuhesabu nukta za skrini kwa kidole. Mstari wa kwanza wa nakshi una upana wa nukta 4. Nafasi inayofuata, 4. Mstari wa pili, 4. Kisha 5! Mistari niliyoichora sawasawa imetoka mingine minene, mingine myembamba. Nikapiga skrinishoti ya pili mkokoteni ukiwa umesogea kidogo, na sasa iliyonenepa ni mingine.

Hesabu yake ni hii. Laptopu yangu, ya mtumba, niliyoipata kwa elfu kumi na kitu, ina skrini ya nukta 1366 kwa 768. Gawanya 768 kwa 180: unapata 4.2667. Pikseli haiwezi kupewa nukta nne na robo, kwa hiyo katika kila pikseli 15, 11 hupewa nukta 4 na 4 hupewa nukta 5. Fikiria skrini ina njia nyembamba na njia pana zisizosogea. Mlango unapopita, kila mstari wa nakshi unanenepa ukiingia njia pana na kukonda ukitoka. Ndiyo maana kukuza michoro hakukusaidia: kutoka 720 hadi 768 bado si mara kamili, kwa hiyo nukta moja katika kila 15 hurudiwa, na mistari inanenepa palepale.

Dawa ni kukuza kwa namba kamili tu. Kwenye `Display > Window` nimeacha 320 kwa 180, `Mode` iwe `viewport`, `Aspect` iwe `keep`, na `Scale Mode` iwe `integer`. Hiyo ya mwisho ilikuja na Godot 4.2, kwa hiyo kwenye toleo la nyuma hutaiona. Sasa gemu inakuzwa mara 4 kamili, inakuwa 1280 kwa 720, na nafasi inayobaki ni fremu nyeusi: nukta 43 kila upande, 24 juu na 24 chini. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 inakuwa mara 6 bila fremu yoyote. Kuna wanaochukia fremu nyeusi. Mimi naona heri fremu kuliko mlango unaocheza.

Mlango ukatulia kabisa. Lakini sasa kijana wa mkokoteni mwenyewe akaanza kuruka pikseli moja mbele na nyuma. Hapa nilipoteza siku mbili, na jibu lake sikulikuta popote, nililipata kwa kuandika namba kwenye daftari. Kamera yangu humfuata kijana taratibu, na nilikuwa nakadiria mahali pa kamera na mahali pa kijana hadi pikseli kamili iliyo karibu, kila kimoja kivyake. Tuseme kijana yuko 50.4 na kamera 48.1. Ukikadiria unapata 50 na 48, tofauti 2. Hatua inayofuata kijana 50.7, kamera 48.4: unapata 51 na 48, tofauti 3. Mwendo ni uleule, umbali kati yao haujabadilika, lakini kwenye skrini kijana ameruka.

Kwa hiyo kinachokadiriwa kiwe tofauti kati yao. Kamera isiwe mtoto wa kijana kwenye mti wa sini, ikae mstari wa chini yake kwenye orodha ili ihesabiwe baada yake, na ulainishaji wake wa ndani uzimwe.

```gdscript
extends Camera2D
@export var kijana: Node2D
var halisi: Vector2

func _ready():
    halisi = kijana.global_position

func _physics_process(delta):
    var lengo = kijana.global_position
    halisi = halisi.lerp(lengo, 1.0 - exp(-8.0 * delta))
    global_position = lengo.round() + (halisi - lengo).round()
```

Kwa kijana, mwili unabaki na desimali zake ili mwendo usiharibike. Picha yake tu ndiyo inayokadiriwa, baada ya `move_and_slide()`:

```gdscript
$Picha.global_position = global_position.round()
```

Ukikadiria mwili wenyewe, mkokoteni unaokwenda polepole hauondoki kabisa, kwa sababu kila hatua ndogo inafutwa kabla haijafika pikseli moja. Kosa hilo nalo nilishalifanya.

Nikamwita mtoto. Akausukuma mkokoteni kwenda na kurudi mbele ya mlango, mara nyingi kuliko nilivyotaka, akasema, "Shangazi, sasa watulia."

Jambo moja zaidi liliibuka nilipompa jirani ajaribu kwenye laptopu yenye skrini kama yangu. Aliona fremu nyeusi kubwa na gemu ndogo katikati. Alikuwa ameifungua ndani ya dirisha. Ukitoa upau wa chini na kichwa cha dirisha, katika zile nukta 768 hazibaki 720, kwa hiyo mara 4 haiingii na gemu inashuka hadi mara 3, yaani 960 kwa 540. Sasa gemu inafunguka kwa skrini nzima, na anayetaka dirisha abonyeze F11.