Tafakari ya Juma: Eliya Aenda Horebu

Somo: 1 Wafalme 19. Simulizi hii ni ya kusomwa kwa sauti kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba. Mwenye ramani ya Biblia aitundike kwanza. Mtoto asiyeiona Beer-sheba ilipo hataelewa kwa nini Eliya alichoka vile.

Nabii Eliya alikuwa ametoka kushinda. Juu ya Mlima Karmeli, moto wa Bwana ulishuka ukateketeza sadaka yake, na watu wakakiri kwamba Bwana ndiye Mungu. Mvua nayo ikanyesha baada ya ukame mrefu. Lakini Malkia Yezebeli wa Israeli, aliyemwabudu Baali, alikasirika sana. Akamtumia Eliya ujumbe kwamba kesho saa kama hizo atakuwa amemuua.

Eliya akaogopa. Yeye na mtumishi wake wakakimbia kuelekea kusini mpaka Beer-sheba, mji wa Yuda. Kutoka Yezreeli, mji alikokuwa Eliya alipopata ujumbe huo, hadi hapo, hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 150. Yuda ilikuwa na mfalme wake mwingine, kwa hiyo Eliya angeweza kubaki. Hakubaki. Alimwacha mtumishi pale, akaingia nyikani peke yake mwendo wa siku moja.

Huko alikaa chini ya mretemu. Mretemu ni kichaka cha jangwani chenye matawi membamba na majani machache, na kivuli chake ni hafifu. Eliya akamwambia Mungu, “Imetosha. Niondolee uhai wangu.” Kisha akalala.

Malaika akamgusa, akamwambia ainuke, ale. Eliya akatazama, akaona karibu na kichwa chake mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakumgombeza kwa kulala. Alirudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale tena kwa sababu safari iliyo mbele ni kubwa mno kwake. Wasomaji wengi huipita haraka sehemu hii ili wafike mlimani. Tuikawize kidogo: mtu aliyeomba kufa alipewa kwanza usingizi na chakula. Hakuulizwa swali lolote mpaka alipofika Horebu.

Kwa nguvu za chakula kile alitembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu, ambako Musa alipewa Amri Kumi. Akaingia pangoni akalala humo. Ndipo Bwana akamwuliza, “Unafanya nini hapa, Eliya?” Akajibu kwamba Waisraeli wameliacha agano, wamewaua manabii, naye amebaki peke yake.

Bwana akapita. Upepo mkali ukapasua miamba, lakini Bwana hakuwamo katika upepo. Likaja tetemeko la nchi, kisha moto, lakini humo pia hakuwamo. Baada ya moto ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Eliya aliposikia alifunika uso kwa vazi lake, akatoka akasimama mlangoni pa pango. Akaulizwa swali lile lile, akajibu vile vile. Bwana akamwambia arudi. Akampa kazi ya kuwatia mafuta watu watatu: Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii baada yake. Tena akamwambia kwamba katika Israeli wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti.

Maswali

1. Kwa nini Eliya alikimbia kutoka Yezreeli?
2. Alimwacha nani Beer-sheba?
3. Malaika alimgusa mara ngapi, na mara ya pili alitoa sababu gani ya kula?
4. Taja kwa mfuatano mambo manne yaliyotokea Bwana alipopita.
5. Eliya alisema amebaki peke yake. Ni jibu gani la Mungu linaloonyesha alikosea?
6. Eliya alipotoka Horebu, alimkuta nani kwanza kati ya wale watatu, na mtu huyo alikuwa anafanya nini? Soma mstari wa 19.

Kwa mwalimu: katika swali la tatu, watoto wengine husema malaika alimletea chakula kila siku kwa siku 40. Warudishe mstari wa 8, wahesabu milo: ni miwili tu, yote kabla ya mwendo kuanza. Katika la nne, kosa la kawaida ni kuweka moto kabla ya tetemeko. Katika la sita, jibu ni Elisha, akilima kwa jozi 12 za ng'ombe, naye mwenyewe akiwa na ile ya kumi na mbili. Akiuliza mtoto kuhusu Yehu, mpe 2 Wafalme 9: aliyemtia mafuta ni kijana mmoja wa wana wa manabii, aliyetumwa na Elisha.