Siku moja maishani mwangu: laptopu mpya iliyojaa mizigo ya kiwandani

Saa 2 asubuhi nafungua banda langu la kutengeneza kompyuta Mwanjelwa nimevaa makoti mawili, maana Julai ya Mbeya haina utani. Chaja iliyokatika waya, flashi isiyosoma, barua ya maombi ya kazi ya kuchapa. Saa 4 nimeshawamaliza.

Saa 4 na nusu akaingia kijana wa chuo, laptopu yake bado ina stika za dukani. "Kaka, nipigie Windows. Ni mpya hii, lakini gemu ya mpira inaganda."

Mtaani wanaamini kazi yetu ni kupiga Windows tu. Nikamwambia tuitazame kwanza. Memori ni GB 8, na kabla hatujafungua chochote zaidi ya GB 5 zilikuwa zimeshaliwa. Nikaiwasha gemu kwenye dirisha dogo, Task Manager pembeni, nikazipanga programu kwa safu ya Disk, tukasubiri. Dakika sita shwari. Ya saba mchezaji akasimama na mguu hewani, na sekunde ileile vitu viwili vikaruka hadi juu ya orodha: antivairasi ya majaribio ya siku 30, na programu ya mtengenezaji inayotafuta masasisho. Hapo mwizi kashikwa, sina haja ya kufomati.

Nikatengeneza restore point, kisha nikaanza na antivairasi. Hii ukiifuta kwenye Installed apps peke yake, mara nyingi inaacha draiva zake nyuma, ndiyo maana natumia kifutio kinachotolewa na walioitengeneza, halafu nawasha upya. Sisogei mbele kabla sijafungua Windows Security na kuona kwamba Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imeamka kushika zamu. Baada ya hapo ikaondoka ile ya masasisho, ya kukumbusha usajili, na gemu za karata ambazo hakuna aliyeziomba.

Kijana alikuwa ananichungulia begani. "Kumbe unafuta tu? Elfu 15 ya kufuta?"

Nikakasirika, na hasira ikanifanya niharakishe. Nikaona programu nyingine yenye jina la mtengenezaji, nayo nikaifuta bila kuifungua nione inafanya nini.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Memori ilishuka hadi GB 3.6 na gemu haikuganda tena. Kijana alishaanza kufunga begi. Lakini nina kawaida ya kuiacha gemu icheze angalau dakika 20, na ilipofika kama ya 12 ikawa nzito kama bajaji inayopanda Iwambi na abiria wanne. Haikuganda, ilikuwa inajikokota tu. Kwenye Performance, Speed ya prosesa ilishuka kutoka karibu 3 GHz hadi 1.1, na feni kimya kabisa. Kama tatizo lingekuwa joto tu, feni zingekuwa zinapiga kelele. Nikabonyeza Fn ya kubadili hali ya feni, hakuna jibu.

Ile niliyoifuta kwa hasira ndiyo iliyokuwa inaamuru feni na kiasi cha umeme ambacho prosesa inaruhusiwa kula. Ilikuwa imeachwa kwenye hali ya utulivu, na kwa modeli hii hakuna njia nyingine ya kuitoa humo. Restore point ingeweza kuirudisha, lakini ingerudi na mizigo yote. Basi nikasoma namba ya modeli chini ya laptopu, nikaenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikaanza kuivuta hiyo moja peke yake kwa bando langu.

Sijui tena ilikuwa saa ngapi umeme ulipokatika. Laptopu ina betri, lakini mtandao ukawa wa kuhesabu. Viazi na maharage vya mama lishe vikapoa mezani. "Kaka, bado?" Bado. "Kaka, si ungepiga tu Windows?" Hata ningepiga, bado ningeihitaji hiyohiyo programu.

Umeme uliporudi nikaisakinisha, nikachomeka chaja, nikachagua hali ya nguvu. Feni zikaunguruma, Speed haikushuka tena chini ya 2.8 kwa nusu saa nzima.

"Fremu zimeongezeka ngapi?" Nikamwambia ukweli: zilikuwa 41 kwa sekunde, sasa 43. Tulichoondoa ni kule kuganda. Grafiki yake inaazima memori ileile ya kompyuta, na ndani kuna kijiti kimoja tu. Akiongeza cha pili ataona tofauti kubwa kuliko kufuta chochote. Hakupenda jibu hilo.

Giza lilikuwa limeshaingia alipotoa elfu 10. "Hiyo tano utanidai, kaka." Bando sikumtajia. Lile lilikuwa kosa langu.