Ami, naomba unitazamie Julai

Saa tatu na nusu asubuhi niliifungua ripoti ya Ami, na kabla sijasoma hata sentensi moja jicho langu likagota kwenye grafu ya ukurasa wa kwanza. Nguzo ya Julai ilikuwa ndefu kuliko zote. Imeipita hata ya Februari.

Mtu wa bara angeipita grafu ile bila kushtuka. Kwetu Lamu haiwezekani. Februari ni kaskazi: bahari imelala, mashua zinatoka nje ya mwamba na kurudi zimejaa. Julai ni kusi lenyewe. Upepo unavuma mchana kutwa, mawimbi nje ya mwamba ni makubwa, na wavuvi wengi wa Kizingitini na Faza hukaa wiki nzima wakishona nyavu. Matondoni wana afadhali kidogo kwa kuwa wao huvua ndani, kwenye mikono ya bahari kati ya mikoko, lakini Matondoni peke yake haiwezi kuibeba Julai. Ripoti ilisema mwezi huo tumepokea kilo 17,400 za samaki. Februari ilikuwa 14,200.

Kazi yetu ni kununua samaki kwenye madiko, kuwatia barafu na kuwasafirisha. Mimi nashughulika na barafu na usafiri. Ami ndiye anayekusanya mizani za madiko, na amefanya hivyo tangu mimi nikiwa chuoni na ubao wangu. Si ami yangu wa damu, ila ofisi nzima tunamwita hivyo. Kikao cha ripoti kilikuwa saa nane mchana, baada ya adhuhuri, na meneja wetu ni mwana wa bahari, mzaliwa wa Faza. Grafu ile isingempita.

Sikuinuka. Kumwendea mtu mzima na kumwambia amekosea, kisha ikaonekana aliyekosea ni wewe, ni jambo ambalo halifutiki upesi. Kwa hiyo nilianza kwa kuhakikisha. Fomu za mkono za madiko huwekwa kwenye jalada wazi ofisini, nikazichukua za Julai na kuzijumlisha kwa kikokotoo. Kizingitini 4,180. Faza 2,365. Matondoni 1,240. Shela 915. Jumla 8,700. Nikaizidisha kwa mbili: 17,400, bila kupungua wala kuzidi hata kilo moja.

Hapo ndipo nilipojua kosa ni la aina gani. Kosa la kidole, kama kuandika 41,800 badala ya 4,180, si rahisi liifanye jumla iwe maradufu kamili. Jumla ikiwa maradufu kamili, kitu kimehesabiwa mara mbili. Miezi iliyotangulia Ami alikuwa akiandika wiki zote mfululizo na jumla moja chini. Julai aliipanga vizuri zaidi, kila diko na wiki zake tano na jumla yake ndogo, na zile jumla ndogo nne zikaingia ndani ya jumla kuu pamoja na wiki zenyewe. Yaani alikosea kwa sababu ya kutaka ripoti isomeke.

Nikalinganisha pia na daftari langu la barafu. Kwenye joto letu tunakadiria kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na Julai nilitoa kilo 8,900. Kwa samaki 8,700 inaingia sawasawa. Kwa samaki 17,400, nusu yao wangeoza kabla ya kufika Mokowe.

Sasa namna ya kumwambia. Chumba chetu kina meza nne na hakina kuta, neno likitamkwa ni la wote. Kundi letu la wasap meneja yumo. Faili lenyewe liko kwenye folda ya pamoja, na ukiandika maoni pembeni mwa seli yanabaki pale na jina lako, kila afunguaye ayaone. Nilifikiria kuchapisha ukurasa na kuuzungushia kalamu, lakini printa iko mlangoni kwa meneja. Na kurekebisha mwenyewe kimya kimya, jambo ambalo lingechukua dakika mbili, nililikataa mapema. Ripoti ni ya Ami. Angeingia kikaoni akiwa na tarakimu asizozijua, akaulizwa, akajibu kwa zile alizozizoea. Hiyo ni aibu kubwa kuliko ya kwanza.

Kuna jambo lingine lililoniongoza. Mwaka uliopita niliona kosa kwenye kazi ya kijana mwenzangu, nikamwambia kwa kuzunguka: "Hebu ipitie tena ripoti yako, huenda kuna pa kuboresha." Akanishukuru, akarekebisha koma mbili, akaipeleka. Kosa lilikuwa kwenye jedwali la ukurasa wa tatu na meneja alilisoma kwa sauti mbele yetu sote. Yule kijana hakunilaumu, lakini mimi najua nilimwacha. Nilikuwa nimejihifadhi mimi nisionekane mjuaji, wala sikumhifadhi yeye. Tangu hapo nimeamua kwamba upole uwe kwenye mahali na sauti. Maneno yenyewe yawe wazi: ukurasa gani, mstari gani, tarakimu gani.

Saa nne Ami hutoka kunywa kahawa kwenye baraza ya nje. Siku hiyo alikaa na wazee wawili wa jirani. Nikaamkia, nikasubiri amalize kikombe, kisha nikamwambia, "Ami, naomba dakika zako tano, kuna hesabu nataka tuitazame pamoja kabla ya kikao." Sikusema ni hesabu ya nani. Tukasogea hadi kwenye ngazi za gatini, nikiwa na karatasi niliyoandika zile tarakimu nne za madiko na jumla yake.

"Ami, ni Julai, ukurasa wa kwanza. Ripoti imetoa 17,400. Nimejumlisha fomu, napata 8,700, nusu kamili. Nahisi jumla za madiko zimeingia pamoja na wiki."

Hakuichukua karatasi. "Mwaka huu kusi limekuwa jepesi," akasema. "Watu wametoka sana."

Hilo silo jibu la mtu mkaidi. Kuna miaka kusi huwa jepesi kweli, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye madiko, si mimi. Nikakubali kwamba huenda walitoka. Kisha nikamwambia kuhusu barafu: "Lakini nilikupa barafu kilo 8,900 tu, Ami, na hakuna mzigo ulioharibika."

Akanyamaza. Akaitwaa karatasi, akavaa miwani, akafuata tarakimu kwa ukucha wa kidole gumba moja baada ya nyingine hadi chini. Akasema taratibu, "Zile jumla ndogo." Halafu: "Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

Tukarudi ndani, akakaa kwenye kiti chake na mimi nikasimama pembeni kama mtu anayesubiri fomu. Kibodi sikuigusa. Seli ya jumla kuu ilikuwa na hii:

```
=SUM(C5:C28)
```

Ipo fomula inayoziruka jumla ndogo zilizomo ndani yake, nami nikamwandikia kwenye kikaratasi:

```
=SUBTOTAL(9,C5:C28)
```

Akaiandika, akabonyeza, na tarakimu ikabaki 17,400. Akanitazama, na kwa kweli moyo wangu ulidunda, maana hapo ndipo mtu huanza kutilia shaka kila ulichomwambia. Sababu ni kwamba fomula hii huziruka jumla ndogo zilizoandikwa kwa `SUBTOTAL` zenyewe. Zilizoandikwa kwa `SUM` inazihesabu kama tarakimu nyingine yoyote. Jumla za madiko, C10, C16, C22 na C28, zote zilikuwa za `SUM`. Akaanza na ya Kizingitini:

```
=SUBTOTAL(9,C5:C9)
```

Kila alipobadilisha diko moja, jumla kuu ilishuka kwa kiasi cha diko hilo. Ya nne ilipokwisha, ikasoma 8,700, na nguzo ya Julai kwenye grafu ikajishukia yenyewe.

Maneno hayakujibadilisha. Aya ya muhtasari bado ilisema samaki wameongezeka msimu wa kusi, na ukurasa wa mwisho ulipendekeza tuongeze majokofu kwa sababu hiyo hiyo. Hili ndilo ambalo mtu husahau akishaona tarakimu imekaa sawa: kosa la seli moja huwa limeshazaa sentensi. Tulitafuta neno "Julai" kwenye faili zima, tukalikuta mahali sita. Mahali matatu palihitaji kuandikwa upya. Pendekezo la majokofu akalifuta kabisa.

Ilikuwa saa tano na robo nilipouliza kama ripoti imeshatumwa. Ami akavua miwani. Alikuwa amempelekea meneja nakala ya PDF kwa barua pepe tangu saa mbili asubuhi.

Akawaza kuweka faili jipya kwenye folda na kunyamaza, huenda ile ya asubuhi haijafunguliwa. Nilimwelewa, ila hapo sikuweza kumfuata. Kumwambia mtu faraghani ni kumpa nafasi ya kusahihisha kwa mkono wake. Kubadilisha tarakimu ambayo mkubwa ameshaipokea bila kumwarifu ni jambo lingine, na nakala mbili zenye Julai mbili zikikutana mezani hakuna atakayeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Nikaongeza kwamba kama lingekuwa kosa kwenye malipo ya wavuvi, nisingemngojea hata amalize kahawa.

Akafikiri kidogo, kisha akaandika mistari miwili: "Tafadhali tumia nakala hii badala ya ile ya asubuhi. Jumla ya Julai ilihesabiwa mara mbili. Sahihi ni kilo 8,700, na muhtasari umerekebishwa." Jina langu hakulitaja, wala sikutaka alitaje. Akatuma, akaenda kutawadha.

Saa nane meneja aliingia na nakala mpya mkononi. Akaweka kidole kwenye nguzo ya Julai, fupi kuliko zote, akatikisa kichwa. "Kusi limetubana," akasema, akafungua ukurasa wa pili. Ami akaanza kueleza Kizingitini wiki kwa wiki, bila kutazama karatasi.

Mwisho wa Agosti alikuja mezani kwangu kabla hajaituma ripoti, akavuta kiti, akasema, "Hebu nisomee barafu yako, mwanangu, nami nikusomee samaki wangu."