Tanbihi zilizotoka na ukungu: nilivyoondoa nyeusi mchanganyiko kwenye PDF ya kitabu

Nakala ya majaribio ilipofika mezani niliipenda mara moja. Matini yenyewe, ya pointi 10.5, ilikuwa kali na safi. Nikateremka hadi chini ya ukurasa penye tanbihi za pointi 7, nikadhani miwani yangu ina vumbi. Herufi zilikuwa kama zimepuliziwa ukungu. Zilisomeka, lakini jicho lilichoka baada ya mistari mitatu.

Nilichofanya kwanza ndicho wengi wetu tungefanya: nililaumu fonti. Nikabadilisha tanbihi kutoka pointi 7 hadi 7.5, nikachagua fonti nzito kidogo, nikatuma faili tena. Nakala ya pili ikaja na ukungu uleule, safari hii mnene zaidi. Fundi wa mitambo alinipa lenzi yake ya kukuza, ile ndogo ya kuweka juu ya karatasi, akasema, "Usiangalie herufi, ndugu yangu. Angalia ukingo wake."

Kwenye matini kuu ukingo ulikuwa mweusi, umekatika kama kwa wembe. Kwenye tanbihi, kila herufi ilikuwa na utando wa rangi ya waridi upande wa kushoto na wa buluu upande wa kulia. Katikati yake haikuwa nyeusi kamili, bali rundo la nukta. Yaani maneno yaliyoonekana meusi kwenye skrini yalikuwa yamepigwa chapa kwa wino nne.

Hapo nieleze tofauti yenyewe. Mashine ya rangi nne ina pleti nne: ya sayani, ya majenta, ya njano na ya nyeusi. Nyeusi tupu ni asilimia 100 ya wino mweusi na sifuri kwa zile nyingine tatu, kwa hiyo herufi hupigwa na pleti moja tu. Nyeusi mchanganyiko ni wino mweusi uliowekewa rangi nyingine chini yake ili uwe mzito zaidi. Kwa eneo kubwa, kama jalada lote jeusi, ni jambo jema, maana wino mweusi peke yake ukitandazwa kwa upana huonekana umepauka, karibu na kijivu cha makaa. Herufi ndogo haina upana wa kuonyesha huo mpauko. Inachopata kutoka kwa mchanganyiko ni hasara tu.

Hasara ya kwanza ni ya pleti kutokaa sawasawa. Karatasi hupita kwenye pleti moja baada ya nyingine, na katika mwendo huo hunyooka na kuhama kidogo. Kuhama kwa sehemu ya kumi ya milimita ni jambo la kawaida, wala si uzembe wa mtu. Sasa tupige hesabu. Pointi moja ni milimita 0.353, kwa hiyo fonti ya pointi 7 ina kimo cha milimita 2.5 hivi. Katika fonti yenye vijimkia kama niliyotumia, mstari mnene wa herufi ni takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo hicho, milimita 0.2. Mstari mwembamba, kama ule unaokata tumbo la "e", ni kama milimita 0.08. Pleti ikihama milimita 0.1, mstari mnene umepata kivuli cha nusu ya upana wake, na ule mwembamba umechapwa pembeni kabisa mwa mwenzake.

Hasara ya pili sikuwa nimewahi kuifikiria, na kwangu ndiyo kubwa. RGB ni mfumo wa rangi wa skrini, wa nyekundu, kijani na buluu, na CMYK ni ule wa wino nne za mashine. Nyeusi ya RGB, yaani sifuri tatu, ikigeuzwa kuwa CMYK haitoki kama asilimia 100 ya wino mweusi. Ugeuzaji hufuata wasifu wa rangi, yaani faili linaloeleza jinsi wino zinavyoonekana kwenye mashine na karatasi fulani. Kwa wasifu unaoitwa U.S. Web Coated (SWOP) v2 hutoka hivi: sayani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Angalia hiyo 90. Mashine haiwezi kupaka wino mwepesi. Inachoweza ni kuupaka au kutoupaka, basi asilimia 90 hupatikana kwa nukta zenye vitundu vyeupe kati yake. Kwa ukali wa nukta 6 hivi katika kila milimita, umbali kati ya nukta na nukta ni mkubwa kuliko ule mstari mwembamba wa "e". Kwa hiyo hata pleti zikikaa sawa bila kasoro yoyote, ukingo wa herufi utakuwa na meno. Asilimia 100 haina nukta, na ukingo wake hufuata umbo la fonti lenyewe. Ndiyo maana kuongeza uzito wa fonti hakukunisaidia chochote: nilikuwa naongeza nukta.

Swali likabaki: kwa nini tanbihi tu? Kitabu ni kimoja, faili ni moja, mipangilio ya kutoa PDF ni ileile.

Nilipanga kurasa kwa InDesign, lakini mswada ulitoka kwa mwandishi katika Word. Matini kuu nilikuwa nimeivika mtindo wangu wa aya, nao ulikuwa unatumia rangi iitwayo `[Black]`, ambayo ni nyeusi tupu. Tanbihi zilikuja na rangi yao. Mwandishi, pengine kwa kubonyeza tu ili awe na uhakika, alikuwa amezichagua zote na kuzipa rangi nyeusi, na rangi ya aina hiyo huingia kama RGB. Nilipofungua orodha ya rangi niliikuta imekaa kimya chini kabisa: `Word_R0_G0_B0`. Kwenye skrini huwezi kuitofautisha na `[Black]`, kwa sababu programu kwa mipangilio ya kawaida huonyesha kila nyeusi kama nyeusi ya mwisho. Hilo linabadilishwa katika mapendeleo, sehemu ya `Appearance of Black`, kwa kuchagua `Display All Blacks Accurately`. Tangu siku ile nimeiacha hivyo. Mwanzoni inachukiza, kwa kuwa matini yote huonekana kijivu cheusi, lakini nyeusi mchanganyiko hujitokeza kama doa la masizi.

Kuirekebisha kulichukua dakika moja. Unapofuta rangi katika orodha, programu inauliza uweke ipi mahali pake. Nikachagua `[Black]`, na tanbihi zote za kitabu zikabadilika kwa pamoja.

Nikatoa PDF mpya nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza, na hapo nikaharibu zaidi. Nilikuwa nimeamua pia kubadilisha wasifu wa rangi ili ufuate ule walionipa kiwandani, nikachagua `Convert to Destination`. Chaguo hilo huhesabu upya kila rangi kutoka wasifu wa zamani kwenda mpya, na nyeusi tupu nayo ni rangi. Wasifu mmoja ukiutazama wino mweusi unaona kijivu chenye giza fulani, na mwingine unakiiga kijivu hicho kwa kuchanganya wino zake zote. Sasa hata matini kuu iliyokuwa safi tangu mwanzo ikawa ya rangi nne. Chaguo sahihi lilikuwa jirani yake: `Convert to Destination (Preserve Numbers)`. Hilo huacha namba za CMYK zilivyo na kugeuza tu vitu vya RGB, kama picha. Ukumbuke kwamba haliwezi kuokoa herufi za RGB. Zile lazima uzisafishe kabla.

Safari hii sikutuma kitu kabla ya kukagua. Katika Acrobat Pro kuna dirisha la `Output Preview` linaloorodhesha wino. Ukiondoa alama kwenye `Process Black`, kila kitu cha nyeusi tupu kinatoweka, na kinachobaki kimechapwa na wino nyingine. Ukurasa wa maneno matupu unapaswa kubaki mweupe. Wangu ulibaki na maneno yote, kama mzimu wa rangi ya udongo, ndipo nikajua nimekosea kwenye kutoa faili.

Kwa kitabu cha kurasa mia mbili na kitu, kupekua ukurasa mmoja mmoja ni adhabu. Nikatumia Ghostscript, programu ya bure ya kuchakata PDF kwa kuandika amri:

```
gs -o - -sDEVICE=inkcov kitabu.pdf
```

Inatoa mstari mmoja kwa kila ukurasa, namba nne kwa mpangilio wa sayani, majenta, njano, nyeusi. Kila namba ni sehemu ya ukurasa yenye wino huo, hata kama ni kidogo kiasi gani. Niliipitisha pia kwenye faili la kwanza, lile la tanbihi zenye ukungu, nione lingejisaliti vipi. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi, na chini yake ni ukurasa uleule baada ya marekebisho yote:

```
 0.00912  0.00912  0.00912  0.06147 CMYK OK
 0.00000  0.00000  0.00000  0.06147 CMYK OK
```

Namba tatu za kwanza zinazolingana hadi tarakimu ya mwisho ndizo alama ya kidole. Picha haiwezi kuwa hivyo kirahisi. Ni umbo lilelile, herufi zilezile, zimewekwa kwenye pleti zote. Nilitafuta kurasa zenye dalili hiyo katika faili jipya nikapata mbili tu, zote zenye majedwali niliyoyabandika kutoka lahajedwali, nayo yalikuja na RGB yake. Kwenye kurasa zenye picha kipimo hiki hakikwambii kitu, huko lazima urudi Acrobat ukatazame kwa macho.

Nakala ya tatu ilikuja na tanbihi za pointi 7, fonti ileile ya mwanzo. Chini ya lenzi ukingo ulikuwa mweusi mtupu.

Jalada tu ndilo lililobaki na mchanganyiko, kwa makusudi: sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100, jumla 240, ambayo karatasi ile iliweza kubeba bila wino kuchelewa kukauka. Jina la kitabu, jeupe na kubwa, lilikaa vizuri. Lakini maelezo ya nyuma, meupe ya pointi 8 ndani ya weusi huo, yalikuwa yanamezwa, kwa sababu kila pleti iliyohama ilijaza kipande cha herufi kwa rangi yake. Fundi alinishauri niache sayani 40 na nyeusi 100 tu kwenye jalada la nyuma, ili ziwe pleti mbili za kulinganisha badala ya nne. Weusi ule una ubaridi kidogo ukiuweka kando ya ule wa mbele. Mwandishi hajauona mpaka leo, nami sijamwambia.